Nimefungua belo la glovu Kiboriloni: ipi ya gari, ipi ya harusi, ipi ya mlimani? Naomba msaada wa kuchambua

MamaBelo

Wakuu, habari za jioni. Nauza mitumba Kiboriloni hapa Moshi, kawaida yangu makoti na masweta. Safari hii tajiri wangu hakuwa na belo la masweta, akanipa la glovu kwa bei ya kusafisha stoo. Nikasema sawa, baridi imeingia na wageni wa mlima wameanza kujaa mjini. Nimelimwaga kwenye turubai, sasa nimeshika kiuno.

Kuna za aina nne hivi. Za kwanza ni fupi, za kahawia, nyembamba kama ngozi ya uso, zina matundu juu ya vifundo vya vidole na mgongoni zimekatwa dirisha, zinafungwa na kimkanda chenye kifungo cha kubonyeza. Za pili ni ndefu, rangi ya maziwa, zinapita kiwiko, na kwenye kifundo cha mkono upande wa ndani zina mpasuko wenye vifungo vitatu vidogo kama lulu. Za tatu ni zile nene ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke yake. Zilizobaki ni nyeusi za kawaida, nyingine zina manyoya ndani, nyingine hazina kitu.

Maswali yangu mawili. Zile ndefu zina madoa, nazifua kwa sabuni ya unga au? Na kwa kuwa hapa sokoni watu wanataka fupi, nimewaza nizikate pale kwenye vifungo, nikunje pindo, niuze kama fupi. Mkasi ninao mkononi.

Mjuaji wa Soweto

Mama, ngozi ni ngozi. Chukua sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, fua taratibu, anika juani mpaka ikauke, halafu paka mafuta ya mgando. Viatu vyangu navifanyia hivyo na bado vipo. Kuhusu mlimani, wape zile nyeusi za ngozi nene, ngozi haipitishi upepo. Zile za chumba kimoja ni za watoto wa Wazungu, tafuta mwenye mtoto.

Nesi wa Zamu

Dada, hizo nyeupe ni za mpira au za ngozi? Kama ni za mpira saizi 7 zilizofungwa mbili mbili nahitaji boksi kadhaa, duka la dawa nililozoea limeishiwa.

MamaBelo

Nesi, hizi ni za mitumba mwanangu, hata mgonjwa atakukimbia. Ni za ngozi.

Fundi Ngarenaro

Dada, weka mkasi chini. Na maji pia weka chini, usiguse kwanza.

Mimi nashona ngozi hapa Arusha, mikoba na viti vya magari zaidi, lakini glovu nimezifumua nyingi nijue zimekatwaje. Hizo ndefu zenye mpasuko ndizo mali pekee ya kweli kwenye turubai lako, kama ni ngozi. Kwanza hakikisha. Geuza pindo la juu uone upande wa ndani. Ngozi ya kweli ndani yake ina vinyuzinyuzi, ukisugua na kucha vinasimama kidogo. Ngozi bandia ndani ina kitambaa kilichofumwa, na ikizeeka huchubuka magamba. Nipe jibu la hilo kabla hatujaendelea.

Sasa kuhusu maji. Mjuaji hajakosea kwa viatu vyake, viatu vimetengenezwa kwa ngozi nyingine kabisa. Glovu nyeupe za kizamani za mwana-mbuzi mara nyingi hazikupitia dawa ile ya kawaida ya kutengenezea ngozi. Zililainishwa kwa shabu, chumvi, kiini cha yai na unga. Ndiyo maana zinakuwa nyeupe vile mpaka katikati na laini kama shavu. Ubaya wake ni kwamba shabu haijashikana na ngozi sawasawa, maji yanaiosha na kuitoa. Ukifua ikakauka, unabaki na kitu kigumu kama karatasi ya boksi, na hakuna mafuta ya mgando yatakayoirudisha.

Utajua vipi kama zako ni hizo? Tafuta sehemu ya pindo ambapo ukingo wa ngozi umekatwa, uangalie unene wake. Ikiwa katikati ina weupe uleule wa nje, shuku shabu. Ikiwa katikati ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu, hiyo imepita kwenye dawa ya kisasa ya kromu, yenyewe inavumilia maji kidogo. Kisha weka tone moja tu la maji ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, uache likauke kivulini mpaka kesho. Pakikakamaa, umeshapata jibu, na hasara ni ya sehemu ndogo kama ukucha.

Mjuaji wa Soweto

Fundi, bibi yangu alikuwa na glovu nyeupe za kanisani akizifua kila mwezi. Zilikuwa ngozi.

Fundi Ngarenaro

Inawezekana kabisa. Zipo ngozi za glovu zinazofuliwa, hasa zile za rangi ya kimanjano zilizotengenezwa kwa mafuta ya samaki, kama vile vitambaa vya kufutia vioo vya magari. Ndiyo maana nikasema apime kwa tone. Sijasema zote.

MamaBelo

Nimegeuza pindo. Ndani kuna vinyuzi, hakuna kitambaa. Bitana hamna, ni ngozi tupu. Ukingo nimeuangalia kwa tochi ya simu, ni mweupe mpaka katikati. Tone nimeweka, nasubiri kesho. Kuna namba imegongwa ndani, 6½. Ukweli fundi, huku Kiboriloni nani atavaa kitu kinachofika huku juu? Joto lenyewe la Moshi!

Mpambaji Majengo

Mama, mimi! Usiuze! Napamba maharusi na nakodisha magauni, wateja wangu wanazitaka hizo kwa magauni yasiyo na mikono. Ninazo za satini za kuvutika, ila zinateleza. Bibi harusi anacheza wimbo wa kwanza, wa pili anaanza kuzivuta juu kama soksi. Na kuna shida ya pete. Mwezi uliopita mchungaji alisimama na pete mkononi, bibi harusi anahangaika kuvua glovu kuanzia begani, watu wanacheka, mshereheshaji anajaza muda. Hizo za ngozi nazo si zitakuwa vilevile?

Fundi Ngarenaro

Hapo ndipo ule mpasuko wenye vifungo vitatu unapofanya kazi yake, na ndiyo sababu nilimkataza kukata.

Kwa desturi za huko zilikotoka, mwanamke akishavaa glovu ndefu hazivui ukumbini kila mara. Wakati wa chakula anafungua vile vifungo vya kwenye kifundo, anatoa kiganja kupitia ule mpasuko, na sehemu ya vidole inakunjwa nyuma na kuchomekwa ndani ya glovu, pale pale kifundoni. Mkono unabaki umevaa kutoka kifundo kwenda juu, kiganja kiko wazi. Akimaliza anarudisha. Kwa pete ni hivyohivyo. Bibi harusi wako afungue vifungo wakati wa wimbo wa kabla ya kiapo, asingoje mchungaji aite. Za satini unazokodisha bila shaka hazina mpasuko, ndiyo maana ilibidi avue kuanzia juu.

Kuhusu kuteleza, glovu ndefu ya ngozi iliyokatwa vizuri haihitaji lastiki. Fundi wa glovu hulowanisha ngozi kidogo na kuivuta mezani kwa urefu mpaka imalize kuvutika upande huo, ndipo anaikata. Mvutiko unaobaki ni wa upana tu. Ukivaa, inatanuka kuzunguka mkono na kuushika, lakini haijivuti kwa urefu ikaanza kuning'inia. Unaweza kuona mwenyewe. Mama, shika kidole cha glovu ukivute kwa urefu, kisha ukivute kwa upana. Kama ni kazi nzuri, urefu utagoma na upana utakubali.

Sasa urefu. Glovu hizi urefu wake huhesabiwa kwa "vifungo", hata kama kifungo chenyewe hakipo. Kipimo kimoja ni kama sentimita 2.7, na unaanza kupima kwenye shina la gumba kwenda juu hadi pindo. Usianzie kwenye ncha za vidole. Nipimie.

MamaBelo

Kutoka shina la gumba hadi juu ni sentimita 43. Nimepima kwa futi ya fundi cherehani wa jirani.

Fundi Ngarenaro

43 gawa kwa 2.7 ni karibu 16. Basi hizo ni za vifungo 16, ndizo hasa za usiku rasmi, za kwenda kwenye opera na dhifa, zinafika katikati ya mkono wa juu. Zinazoishia kwenye kifundo cha mkono ni za viwili au hata kimoja. Za vifungo 8 huishia chini kidogo ya kiwiko, hizo hata kwa gauni la mikono mifupi zinapendeza. Zinazozidi 20 zinakaribia bega.

Mpambaji, kabla hujafurahi, angalia namba. 6½ ni inchi za kuzunguka kiganja kwenye vifundo vya vidole bila gumba, yaani kama sentimita 17. Huo ni mkono mdogo wa mwanamke mwembamba. Ukiwa unakodisha, utamkuta wa kumfaa mmoja mmoja. Mwenye kiganja cha sentimita 20 akilazimisha, ngozi yenyewe itavumilia kidogo, kitakachoachia ni mshono, na utaanzia kwenye vile vipande vyembamba vya ubavuni mwa vidole.

Mpambaji Majengo

Haya, nitanunua na futi ya kupimia maharusi. Mama, usiweke mtu bei mpaka nifike.

Boda wa Sakina

Shikamoo mama. Mimi niko Arusha, naamka saa kumi na moja alfajiri kupeleka watu stendi, baridi ya Julai inanikata vidole mpaka siwezi kubana klachi. Nilinunua Krokoni glovu kama hizo zako za kahawia zenye matundu, muuzaji akaniambia ni za pikipiki za Italia. Zinapendeza kweli, abiria wananisifia. Lakini upepo unaingia kama sijavaa kitu. Ni feki?

Fundi Ngarenaro

Si feki, umeuziwa ya kazi nyingine. Hizo ni glovu za kuendeshea gari, na kila kitu unachokilalamikia kimewekwa makusudi.

Dereva wa gari amekaa ndani ya kioo, hana shida ya upepo. Shida yake ni usukani. Zamani usukani ulikuwa wa mbao au chuma, unateleza kwa jasho. Anataka ngozi nyembamba isiyo na bitana ili ahisi usukani unavyotetema. Matundu ya kwenye vifundo yapo kwa sababu ukikunja ngumi ngozi ya mgongoni hubana, sasa tundu linaipa nafasi. Dirisha la mgongoni na vile vitobo vidogo ni vya kutoa joto. Tena tazama mishono ya vidole, mara nyingi imewekwa nje, ukingo wa ngozi unaonekana. Hiyo ni ili mshono usikae kati ya kidole na usukani. Na zinaishia kifundoni kabisa, mkanda mfupi na kifungo cha kubonyeza, uvae na kuvua upesi.

Ya pikipiki ni kinyume karibu kila mahali. Mdomo wake ni mrefu na mpana, unafunika mkono wa koti ili upepo usipande. Ina mkanda wa kifundoni unaobana kweli kweli, kwa velkro au bizimu, kwa sababu ukianguka glovu isiyobanwa inachomoka kabla mkono haujagusa lami. Kiganja kina ngozi ya pili, vifundo vina kinga ngumu. Za kwako ukianguka nazo matundu yanakaa palepale panapogusa chini.

Boda wa Sakina

Daah. Basi nizivae chini halafu juu nivae za sufi?

Mgumu Mstaafu

Dogo, vaa kinyume chake, sufi ndani na kitu kisichopitisha upepo nje. Ila ukijaza mbili kwenye nafasi ya moja vidole vitakufa ganzi hata Sakina hapo, tena klachi utaisikia kwa mbali.

Nimekuja kwa habari ya mlima maana naona Mjuaji amewapa watoto glovu za kupandia Kibo. Nimebeba mizigo miaka mingi njia za Machame na Marangu kabla magoti hayajakataa. Usiku wa kileleni mnatoka kambini karibu saa sita usiku, Barafu au Kibo, mnatembea gizani mpaka Uhuru, mita 5,895. Alfajiri karibu na ukingo wa kreta ndipo baridi inapouma kuliko usiku wote, na kuna upepo. Mgeni mwenye glovu za vidole vitano, hata ziwe nene, ndiye anayeanza kulia kwanza. Mwenye zile za chumba kimoja, sisi tunaziita mitensi, anatembea.

Sababu ni rahisi. Kila kidole kikiwa peke yake kimezungukwa na baridi pande zote. Vinne vikikaa pamoja vinapashana. Basi.

Mjuaji wa Soweto

Lakini ngozi inazuia upepo, hilo hukatai.

Mgumu Mstaafu

Sikatai. Inazuia upepo, halafu inakunywa maji. Mvua ya msituni siku ya kwanza ikiilowesha, huko juu haikauki, na usiku wa kileleni inakuwa ngumu kama ubao. Wapishi wetu walikuwa wanakaanga glovu za wageni juu ya jiko wakidhani wanawasaidia. Inakauka kweli, ila imesinyaa na vidole vimepinda, kuvaa tena ni kuomba Mungu.

Fundi Ngarenaro

Hapo kwenye jiko nakazia. Ngozi iliyolowa ikipata moto hujikunja kutoka ndani kabisa, na haikunjuki tena. Glovu yoyote ya ngozi iliyolowa ivutwe umbo lake kwa mikono, ilazwe kivulini penye hewa, ichukue siku mbili kama ni lazima. Na juani pia hapana, Mjuaji.

MamaBelo

Mgumu, hizi mitensi ninazo nyingi. Nyingine ni za sufi iliyofumwa tu, nyingine zina nailoni nje na kitu kama blanketi ndani. Kuna zenye kamba mbili mdomoni na kifuniko cha velkro. Zipi za kupeleka mjini kwa wanaokodisha vifaa vya mlima? Na nitajuaje nzima?

Mgumu Mstaafu

Za sufi tupu weka pembeni, ni nzuri za kuvaa ndani. Peke yake upepo unapita. Zinazotakiwa ni zile za nailoni nje. Kabla ya kuzipeleka fanya hivi, mama.

Ingiza mkono wote, kisha utoe haraka huku vidole umevikunja kidogo. Kama bitana inatoka na mkono kama soksi inayogeuka, ujue imeachia kule kwenye ncha. Kiwandani huwa imeshikizwa mwishoni kwa mshono au gundi. Sokoni hiyo unaona ni jambo dogo. Kule juu mtu ametoa mkono apige picha, bitana imegeuka, vidole vina ganzi, kuirudisha gizani haiwezekani. Nimeshuhudia mgeni akivalishwa soksi mikononi kwa sababu hiyo, na tukaenda hivyo hivyo hadi juu.

Halafu angalia kama bitana inatoka yote makusudi. Zile bora zina ya ndani na ya nje zinaachana. Ya ndani ikilowa jasho unalala nayo ndani ya begi la kulalia, asubuhi imekauka. Iliyoshonewa humo humo haikauki safari nzima.

Mwisho mdomo. Mdomo mrefu wenye kamba unavaliwa juu ya mkono wa jaketi, na kamba lazima ivutike kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine nao umevaa mitensi! Jaribu hapo hapo kwenye turubai, vaa zote mbili ufunge. Ukishindwa Kiboriloni mchana, kule juu hakuna atakayeweza. Ule uzi mrefu wa kuning'iniza kifundoni usikate ukidhani ni takataka, ndio unaookoa glovu isipeperushwe na upepo.

Fundi Ngarenaro

Nyongeza kwa zile zenye utando wa kuzuia maji katikati. Kusanya mdomo wa glovu kama unafunga mfuko wa maandazi, uikunje kuelekea vidoleni ili hewa ijae ndani, kisha ubane karibu na sikio. Hewa ikitoka kwa kasi kwenye ncha au kwenye gumba, utando umepasuka. Kipimo hiki hakithibitishi kwamba ni nzima, lakini mbovu sana kinazikamata.

Kipepeo wa Rau

Mnaongelea wageni tu. Mume wangu ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Kampuni aliyopanda nayo mara ya mwisho iliwapa glovu za pamba zile za kubebea sinia hotelini, nyeupe. Wakazilowesha wakati wa kuvunja kambi, mahema yana barafu. Alirudi vidole viwili havina hisia karibu wiki nzima. Pamba ikilowa ni afadhali mkono mtupu. Mama, mitensi zako ungeuzia wagumu kabla ya hao wakodishaji.

Mgumu Mstaafu

Mpe pole. Lakini kwa kazi ya mgumu mitensi ni ngumu, dada. Anafunga kamba za hema, anafunga mzigo, anashika sufuria. Kwake nzuri ni ya vidole, nyembamba, ya sufi au ile ya kitambaa chenye manyoya mafupi, kisha mitensi kubwa juu kwa kutembea. Namba iwe kubwa kuliko mkono wake, ncha ya vidole ibaki na nafasi kidogo. Ikibana, ile sufi inalala, hewa ya ndani inaisha, na damu nayo haifiki. Na aende pale KPAP Moshi, mradi wa kuwasaidia wagumu, wana nguo za mlima wanazowaazima wagumu bila malipo.

Kipepeo wa Rau

KPAP anapajua, shida huwa ni kurudi jioni na safari ni kesho alfajiri. Bado nasema auzie wagumu.

MamaBelo

Nitatenga fungu la wagumu, bei tutaelewana. Hata hivyo siwezi kugawa, belo nimelipa.

Leteni akili kwenye zile nyeusi za kawaida basi. Ndizo nyingi kuliko zote.

Fundi Ngarenaro

Hizo zipange kwa bitana, ukiingiza vidole viwili tu utajua. Ambayo haina kitu ndani na ngozi yake ni nyembamba ni ya mavazi, atavaa mtu wa ofisini au mzee wa kanisa. Yenye hariri ndani inateleza kuvaa na inaongeza joto kidogo bila unene. Yenye sufi laini ndiyo ya baridi ya kweli ya mjini, na ndiyo utakayoiuza sana Arusha mwezi wa saba. Yenye manyoya ya sungura ni joto lakini kwenye mitumba manyoya yanang'oka. Pangusa kidole ndani, kikitoka na manyoya, punguza bei.

Ngozi yenyewe ukitaka kujua, angalia vitundu vya nywele kwa tochi. Kondoo wa nywele ana ngozi nyembamba, laini, iliyoshikana, nzuri kwa glovu kuliko kondoo wa sufi, ambaye ngozi yake ina tabaka zinazoachana. Ndiyo maana ngozi za kondoo wa Ethiopia zinatafutwa sana na watengeneza glovu. Na huyu kondoo wetu mwekundu wa Kimaasai naye ni wa nywele, hana sufi. Ngozi zake nyingi hapa zinaishia kuwa za kukalia. Hilo huwa linanikera, ila tuliache.

MamaBelo

Habari za asubuhi. Tone limekauka. Pale pamekakamaa, nikikunja panatoa kama mlio wa karatasi. Kweli nilikuwa naenda kuziua. Sasa madoa je? Moja liko kiganjani, la kahawia, lingine ni vumbi tu kwenye vidole.

Fundi Ngarenaro

Basi ni shabu. La vumbi tumia ufutio mweupe wa wanafunzi, laini, usio na rangi. Vaa glovu mkononi au ingiza kitambaa safi ndani ili pasikunjike, sugua kuelekea upande mmoja bila kukandamiza. Nyama ya mkate mkavu mweupe pia inafanya kazi hiyo hiyo. Zamani walitumia petroli nyeupe, mimi sikushauri, mvuke wake na jiko la mkaa jirani ni balaa.

Lile la kahawia la kiganjani ningeliacha. Kama ni mafuta, unga wa chaki laini ukikaa usiku kucha utanyonya kiasi. Kama ni kutu ya kitu fulani au chai, halitoki bila maji, na maji hatuyatumii.

Mpambaji Majengo

Kiganjani nani ataona, atakuwa ameshika ua. Nakuja na daladala ya saa nne.

Boda wa Sakina

Fundi, kuna nyingine mama ameweka kwenye picha, upande wa kushoto, ngozi ya kahawia yenye vitundu vitatu vitatu. Ni ya pikipiki?

Fundi Ngarenaro

Vitundu vitatu vitatu ni jamii ya nguruwe. Ikiwa ni yule nguruwe mwitu wa Amerika Kusini, pekari, hiyo ni ngozi ya glovu za bei ya juu kabisa, laini na ngumu kuchakaa. Ikiwa ni nguruwe wa kawaida, ni glovu za kazi. Vitundu vinafanana, kwa picha siwezi kuapa. Pekari hushonwa kwa mkono mara nyingi, mshono uko nje na hatua zake hazilingani sawasawa, tofauti na za cherehani. Mama, nipigie picha ya mshono wa kidole kwa karibu.

Mjuaji wa Soweto

Mshono wa mkono hata Wachina wanaiga kwa mashine siku hizi.

Fundi Ngarenaro

Kweli, ndiyo maana nataka picha ya karibu.

MamaBelo

Simu yangu haivuti karibu hivyo, nitaazima ya mwanangu akitoka shule. Boda, hiyo yenye vitundu usiiwaze, sijajua bei. Ila nimepata pea moja nyeusi, mdomo mrefu, mkanda wa velkro kifundoni, vifundo vina kitu kigumu ndani. Kiganja kimeshonwa mara mbili. Shida velkro imejaa manyoya, haishiki.

Fundi Ngarenaro

Hiyo ndiyo ya kwake. Velkro ichokonoe kwa sindano, toa nyuzi zote kwenye upande wa ndoano, itashika tena. Ikigoma, upande wa ndoano ufumuliwe ushonwe mpya, ni kazi ya nusu saa kwa fundi viatu yeyote. Asishone upande laini peke yake, hapa shida iko kwenye ndoano.

Boda wa Sakina

Mama nibakizie. Kuna jamaa anashuka Moshi kesho na Noah, nitamtuma. Saizi gani?

MamaBelo

Imeandikwa 9. Pima kiganja chako kwanza bila gumba, usinirudishie.